Bendera Kwenye Chati: Pa Kuingilia na Pa Kutokea

Hisa ikipanda kwa kasi siku chache mfululizo, mara nyingi hutulia kidogo. Walionunua mapema huuza wachukue faida, waliochelewa huzipokea, na bei huteremka taratibu kati ya mistari miwili inayokwenda sambamba. Mpando ule huitwa mlingoti, na mteremko ule huitwa bendera. Mistari ikikaribiana hadi karibu kukutana, hiyo ni pembetatu. Robert Edwards na John Magee walieleza maumbo haya kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1948.

Tuchukue hisa ya mfano iliyopanda kutoka shilingi 400 hadi 500 kwa siku sita, kisha ikashuka polepole hadi 470 kwa siku nane. Kabla ya kuvutiwa na umbo, tazama idadi ya hisa zinazouzwa kila siku. Katika mlingoti iwe kubwa, ndani ya bendera ipungue. Ikiwa inaongezeka huku bei ikishuka, wauzaji wamekuja kwa nguvu, na mimi singeiita hiyo bendera tena.

Siku ya tisa bei inafunga kwa 490, juu ya mstari wa juu, na mauzo yameongezeka. Hapo ndipo pa kuingilia. Kuchungulia juu mchana na kurudi ndani jioni hakutoshi. Tuseme umenunua kwa 492. Oda ya kukata hasara iweke 466, chini kidogo ya 470, kwa sababu bei ikifika huko bendera yenyewe imeshavunjika. Lengo hupatikana kwa kuongeza urefu wa mlingoti, yaani 100, juu ya 470: unapata 570. Unahatarisha shilingi 26 kutafuta 78.

Mwenye mtaji wa shilingi 1,000,000 anayekubali kupoteza asilimia moja, yaani 10,000, atagawa kwa 26 na kununua hisa 384. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua. Tena, bei ikifunguka asubuhi chini ya 466, oda itauza kwa bei itakayokuwepo, na hasara itazidi.

Kwa pembetatu, lengo ni urefu wa upande wake mpana, ukipimwa kutoka pale bei ilipotokea. Lakini pembetatu huweza kuvunjika juu au chini, kwa hiyo usibashiri: subiri ifunge nje. Ikijikokota hadi karibu na ncha, mara nyingi nguvu imekwisha, na ni bora kuiacha.

Kinachowasumbua wengi ni bei kurudi baada ya kutoka. Kurudi kugusa mstari wa juu kwa mauzo madogo ni kawaida. Ikifunga ndani kabisa ya bendera kwa mauzo makubwa, toka siku hiyohiyo, usisubiri 466.