Kitumbua Hakipo, Vitumbua Vipo

Tuseme ipo tovuti ya mapishi ya Kiswahili yenye kurasa mia mbili hivi, imejengwa kwa WordPress kama zilivyo nyingi. Juu yake kuna kisanduku cha kutafutia. Msomaji anaandika "kitumbua", anabonyeza, na anajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Anaondoka. Lakini neno lake linabaki, na mwenye tovuti anaweza kulisoma kesho yake akitaka.

Linabaki wapi? Mtu akitafuta katika tovuti ya namna hii, anwani iliyo juu ya kivinjari hubadilika ikawa na kipande kama `/?s=kitumbua`. Anwani hiyo huandikwa katika kumbukumbu za seva, faili ambalo mara nyingi huitwa `access.log`. Anayeruhusiwa kulifikia anaweza kutoa maneno hamsini yaliyotafutwa zaidi kwa amri moja:

```
grep -oE '"GET /\?s=[^ &"]*' access.log | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head -50
```

Asiyependa amri, na tovuti yake imeunganishwa na Google Analytics, atafute tukio linaloitwa `view_search_results`. Kila tukio la aina hiyo lina neno lililoandikwa. Tatizo la njia hii ni kwamba kwa kawaida haisemi msomaji alipata kurasa ngapi, kwa hiyo aliyefanikiwa na aliyeambulia patupu wanaonekana sawasawa.

Orodha itakayotoka itakuwa chafu. Kutakuwa na matangazo ya kamari na viungo vya ajabu, kwa sababu kuna programu zinazozunguka mtandaoni zikiingiza takataka katika visanduku vya watu. Hizo zitupwe. Wengine huandika namba ya simu au jina kamili la mtu. Hayo yafutwe, na orodha isisambazwe ovyo ofisini. Baada ya hapo maneno yenye maana moja yakusanywe pamoja: "biriani", "biryani" na "biriani ya kuku" ni haja moja. Kazi hii ifanywe kwa mkono, kwani anayeijua hadhira yake ndiye anayejua kwamba aliyeandika "chapo" anataka chapati.

Kosa la wengi huja hapa. Wakiona neno limetafutwa mara nyingi na halikuleta kitu, wanakimbilia kuandika ukurasa mpya. Kabla ya kuandika lolote, kaa mbele ya tovuti yako na uliandike neno hilo mwenyewe, herufi kwa herufi, kama alivyoliandika msomaji. Kisha litafute pishi lenyewe kwa kupitia menyu.

Katika mfano wetu, menyu inaonyesha kwamba pishi la vitumbua lipo, na ni zuri. Kisanduku hakikuliona kwa sababu ya namna kinavyotafuta. WordPress, ikiachwa ilivyo, hailinganishi maana. Inaangalia tu kama herufi zilizoandikwa zinapatikana, kwa mfuatano huohuo, ndani ya kichwa, muhtasari au maandishi ya ukurasa. Katika "vitumbua" hamna mfuatano wa "kitumbua". Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno kati ya umoja na wingi, na mashine haina habari. Kama mwandishi wa pishi hakutaja kitumbua kimoja popote, aliyetafuta kimoja hapati hata kimoja.

Maneno mengi pamoja huleta shida nyingine. Mtu akiandika "jinsi ya kupika mahamri", mfumo unataka ukurasa wenye maneno hayo yote. Pishi linaloitwa "Mahamri ya nazi" ambalo ndani yake hamna neno "jinsi" linaachwa nje, ingawa ndilo hasa alilotaka. Na kama pishi limeandikwa na mtu wa Dar es Salaam aliyesema "maandazi" mwanzo hadi mwisho, msomaji wa Mombasa hatalifikia.

Dawa ya makosa haya si pishi jipya. Ni sentensi moja au mbili ndani ya pishi lililopo: taja umoja na wingi, taja jina la pili la chakula, taja tahajia nyingine kama inaingia bila kulazimishwa. Wengi huyaweka maneno haya kwenye lebo za ukurasa wakidhani wamemaliza, kumbe utafutaji wa kawaida wa WordPress hausomi lebo. Neno lazima liwe kwenye maandishi yenyewe. Kuna programu-jalizi za utafutaji zinazosoma lebo na kukubali orodha ya visawe, lakini kwa tovuti ya kurasa mia mbili mimi ningeanza na kurekebisha maandishi; hakuna gharama, na maandishi yanabaki hata ukibadilisha mfumo.

Likibaki neno ambalo umelijaribu kwa kila sura na kwenye menyu pia halipo, hilo ndilo pengo la kweli. Tuseme wengi wanaandika "uji wa mtoto" na tovuti haina hata uji mmoja wa mtoto. Hapo andika. Na usome mafungu ya maneno kabla ya kuandika, kwa kuwa "uji wa mtoto wa miezi sita" na "uji wa lishe" ni maswali mawili yenye majibu tofauti.

Fungu la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa sababu haliambulii patupu. Neno "pilau" linatafutwa kila siku, ukurasa unapatikana, kila mtu anaonekana ameridhika. Jiulize walikuwa wapi walipolitafuta. Google Analytics huhifadhi ukurasa uliotangulia. Wakianzia ukurasa wa mwanzo si ajabu. Kuna watu hawapendi menyu kabisa. Lakini wakiwa tayari ndani ya sehemu ya wali, na bado wanaandika "pilau", sehemu hiyo imewashinda. Au tuseme menyu ina kitu kinachoitwa "Ladha za Bibi", na ndani yake ndimo mlimofichwa pilau, biriani na wali wa nazi. Mhariri alilipenda jina hilo. Msomaji hana njia ya kujua kwamba bibi ndiye mwenye pilau. Iite "Wali, pilau na biriani" na uache ushairi kwa ajili ya utangulizi.

Ukishabadilisha jina, hesabu utafutaji wa "pilau" unaotoka katika kurasa zilezile. Ukipungua huku waliofungua pishi lenyewe hawapungui, jina jipya linafanya kazi. Vyote viwili vikishuka, huenda watu wameondoka tu. Angalia pia kama kisanduku chenyewe hakijasogezwa: kwenye simu mara nyingi hufichwa nyuma ya alama ya kioo cha kukuzia, na mabadiliko madogo ya mwonekano yanaweza kupunguza utafutaji wote kwa pamoja bila mtu kuridhika wala kukasirika.

Hesabu hii pia isilinganishe miezi isiyolingana. Kaimati, vitumbua na tambi hupanda Ramadhani, na Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Anayelinganisha Machi na Machi anaweza kudhani menyu yake mpya imeharibu kila kitu, kumbe mwaka huu mwezi wa mfungo umeanza Februari.