Rangi Ipi Inafaa kwa Picha Yenye Nuru? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Eldoret

Ukiomba rangi ya mafuta katika duka la hadiwea mjini Eldoret, utapewa kopo la glosi ya kupaka milango. Kwa lita moja, hakuna rangi ya kuchorea iliyo nafuu kama hiyo, na imezaa sanaa kubwa: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi za enameli juu ya hadibodi. Lakini glosi imetengenezwa ili ifunike. Anayetaka kitambaa au ngozi ionekane kana kwamba nuru inatoka ndani yake anahitaji rangi inayopitisha mwanga.

Tazama gauni la kijani katika picha ya Arnolfini aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434. Ubao wake ni wa mwaloni uliopakwa chokaa laini iliyochanganywa na gundi, mweupe kabisa. Juu yake mchoraji alijenga mikunjo ya nguo kwa rangi nzito, kisha akapaka tabaka nyembamba za kijani cha shaba kilichochanganywa na mafuta. Nuru hupenya tabaka hizo, hugonga sehemu nyeupe zilizo chini, na hurudi machoni ikiwa imepita ndani ya kijani mara mbili. Penye kivuli tabaka ni nene, penye mwanga ni nyembamba. Na kwa kuwa mafuta ya mbegu za kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji, bali hugandamana polepole kwa kunyonya oksijeni, rangi hubaki laini kwa saa nyingi. Hapo ndipo mchoraji hupata nafasi ya kulainisha ukingo wa shavu au kuchora manyoya ya vazi, unywele mmoja mmoja.

Akriliki ndiyo mshindani wa kweli. Hukauka kwa dakika, hivyo tabaka kumi zinaweza kumalizika kwa siku moja, na hakuna harufu ya tapentaini nyumbani. Kwa tabaka za uwazi inafaa ukiichanganya na kimiminika chake maalumu. Inaposhindwa ni katika kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine: kabla hujamaliza shavu, ukingo umeshakauka. Kwa mabango na kazi ya haraka ningeichagua bila kusita. Kwa sura ya mtu, ningelipia mafuta.

Si lazima kulipia yote sawasawa. Chukua mfano wa shuka jekundu kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 40. Ubao wenyewe uwe plaiwudi au MDF, ambayo Eldoret haina shida nayo, uliopakwa jeso nyeupe mara tatu. Mikunjo ichore kwa nyeupe na kahawia za daraja la wanafunzi. Zitafunikwa, na rangi za udongo ni nafuu katika kila daraja. Pesa iweke kwenye tyubu moja ya nyekundu ya daraja la wasanii. Soma lebo: PV19 ni angavu na hudumu, ilhali PR83, nyekundu ya zamani yenye sifa kubwa, hufifia upesi inapopakwa nyembamba. Kisanduku kitupu kwenye lebo maana yake rangi hupitisha mwanga, kilichojazwa hufunika. Rangi ya ukubwa wa punje ya njegere, ikiongezwa matone machache ya mafuta, inatosha tabaka moja la shuka lote, kwa hiyo tyubu ya ml 37 itakutumikia picha nyingi.

Usibane pesa kwenye mafuta. Yale ya hadiwea yaliyotiwa vikaushio huwa meusi haraka. Nunua yaliyosafishwa kwa wachoraji. Yakizidi, tabaka hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lile la chini, la sivyo picha itapasuka.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti ni muda. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huchelewesha ukaukaji. Tenga wiki moja au zaidi kati ya tabaka. Sugua kwa pamba safi: ikitoka na rangi, ngoja. Usipake akriliki juu ya mafuta, kwani itabanduka. Vitambaa vyenye mafuta vianike nje vikiwa vimetandazwa, maana vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Mwenye bajeti ndogo anunue tyubu moja nzuri ya PV19, nyeupe na kahawia za bei nafuu, na chupa ndogo ya mafuta yaliyosafishwa. Seti ya tyubu ishirini na nne za bei rahisi aiache dukani.