Saa ikisema moyo uko 170, usikasirikie moyo wako

Jioni moja Aprili mvua ilinyesha Umoja kuanzia saa sita, kisha jua likarudi kali kama lililokuwa likidai deni. Saa kumi na moja nikavaa raba nikashuka Outering kuelekea Donholm. Ni kilomita zangu tano za kila siku, dakika 30, mwendo ambao Julai asubuhi na baridi saa yangu huandika mapigo 148. Siku hiyo, hata kabla sijafika Tena, ilikuwa inaandika 167. Mwendo ni ule ule, miguu ni ile ile. Nikajiambia, buda, umeishiwa.

Sikuwa nimeishiwa, na kama hali hii imewahi kukupata, hata wewe hukuwa.

Unapokimbia, misuli inatengeneza joto, na moyo ndio unaolibeba. Unasukuma damu hadi kwenye ngozi ili ipoe. Sasa damu ni ile ile, lakini ina kazi mbili: kulisha misuli na kupoza mwili. Ukizidi kutoka jasho, maji ya damu nayo yanapungua, kwa hivyo kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko awali. Moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi. Ndiyo maana hata usipoongeza mwendo, dakika ya 25 mapigo huwa juu kuliko dakika ya 10.

Unyevu ndio unaoleta noma yenyewe. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza likikauka. Hewa ikishajaa maji, jasho linadondoka tu chini na joto linabaki na wewe. Wanaonyanyua vyuma kwenye zile gym za mabati kule Kayole wanalijua hili fukuto: sakafu imelowa, fulana imelowa, na hakuna aliyepoa.

Usidhani ni shida ya sisi wa mtaani pekee. Machi 2007 Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Joto na unyevu wa Pwani vilimmaliza, akaacha mbio kabla ya kufika mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Sasa wewe na mimi tunataka kubishana na hewa kwa sababu ya namba kwenye mkono?

Kosa langu la kwanza jioni ile lilikuwa kung'ang'ania mwendo wangu wa dakika sita kwa kilomita. La pili, siku iliyofuata, lilikuwa kinyume chake: nikajaribu kuyashikilia mapigo yawe 148. Nikawa natembea, nakimbia hatua kumi, natazama saa, natembea tena kama makanga anayetafuta chenji. Na tena ile kanuni ya 220 ukitoa umri, ambayo saa nyingi hutegemea, ni wastani tu. Mtu mzima kabisa anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi.

Kinachonifaa sasa ni mdomo. Dakika kumi za kwanza naenda polepole hadi nione aibu. Kisha nasema sentensi nzima kwa sauti, kwa mfano, "Mama, niwekee chapo mbili na ndengu, nakuja." Ikitoka bila kukatika, mwendo uko sawa, hata saa ikisema 160. Nikilazimika kuvuta pumzi kati ya chapo na ndengu, napunguza. Siku ya fukuto, dakika sita zangu hugeuka karibu dakika saba, na natembea dakika moja kila baada ya tano. Saa naitazama nikifika nyumbani. Siku za mazoezi makali nazisogeza alfajiri.

Ukiendelea hivyo kwa wiki moja hadi mbili, mwili unazoea: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema, na mwendo ule ule unakuwa mwepesi. Maji kunywa ukisikia kiu. Kujijaza lita kadhaa kwa pupa nako ni hatari, kwa sababu chumvi kwenye damu inashuka.

Kuna dalili ambazo si za kupunguza mwendo bali za kusimama: kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa, au kuhisi baridi na vipele kwenye jua. Tafuta kivuli. Ukiona mwenzako anayumba au anaongea maneno yasiyoeleweka, usingoje aache kutoka jasho, maana anaweza kuwa bado analowa. Mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, na mtu mwingine atafute gari la hospitali huku wewe ukiendelea kumwaga. Maumivu ya kifua nayo hayangojei kesho.

Jana nilikimbia tena Outering, dakika 34. Saa ikaniandikia kwamba mazoezi hayakuwa na tija. Nikala chapo zangu mbili.