Kuingiza Bure, Kutoa kwa Dola

Kupakia faili kwenye wingu la Amazon hakuna nauli. Ziwe gigabaiti kumi au elfu kumi, njia ya kuingia ni bure. Kutoka ndiko kunakolipiwa. Katika kituo cha Virginia, gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi hupita bure, kisha kila gigabaiti inayokwenda kwenye intaneti hutozwa senti 9 za dola. Kuitunza gigabaiti hiyohiyo katika ghala la S3 kwa mwezi mzima ni senti 2.3 tu. Kuitoa mara moja, basi, ni karibu mara nne ya kuitunza mwezi.

Bei hiyo angalau imeandikwa wazi. Inayoumiza zaidi ni ada inayotokana na jinsi mfumo ulivyochorwa.

Tuseme kampuni ya masomo imeweka video zake S3. Seva inayozisoma imefichwa kwenye mtandao wa ndani kwa ajili ya usalama, na wanafunzi hutazama gigabaiti 10,000 kwa mwezi. Ukiondoa zile 100 za bure, ada ya kutoka ni dola 891. Lakini S3 hufikiwa kwa anwani za hadharani, na seva iliyofichwa haina anwani kama hiyo. Mhandisi anaweka lango la NAT liitokee kwa niaba yake. Lango hilo hutoza senti 4.5 kwa kila gigabaiti linalopitisha, mbali na kodi yake ya kila saa. Dola 450 nyingine zimekwenda, na data haijatoka hata Virginia: imehama kutoka ghala la Amazon hadi seva ya Amazon.

Hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu njia ya bure ipo. Kwenye mipangilio ya mtandao wa ndani, yaani VPC, mhandisi huunda kiungo cha aina ya `Gateway` kwa huduma ya `com.amazonaws.us-east-1.s3`, kisha hukiambatanisha na jedwali la njia linalotumiwa na seva ile. Wengi huikosea hatua hii ya pili: wanaunda kiungo, wanakiambatanisha na jedwali jingine, na data inaendelea kupita NAT kimyakimya. Kiungo hiki pia hakifai kwa ghala lililo katika kanda nyingine.

Zile dola 891 zitabaki. Hazipungui mpaka video zenyewe zibanwe au zisambazwe kwa njia nyingine yenye bei nafuu.

Kama unasimamia mfumo wa namna hii, fungua mchanganuo wa ankara ya mwezi uliopita utafute mstari wa `NatGateway-Bytes`. Ukiukuta mkubwa huku seva zako zikisoma S3 kutwa, anza na jedwali la njia.