Ngiri, Bima na Miezi ya Kusubiri

Leo nataka kuzungumzia maneno matatu yanayopatikana katika kurasa za ndani za hati ya bima ya afya, mahali ambapo wengi wetu tumekwisha kuchoka kusoma. Maneno yenyewe ni "kipindi cha kusubiri". Maana yake ni kwamba umelipa ada, kadi unayo mfukoni, lakini kuna matibabu ambayo bima haitayalipia mpaka ipite miezi kadhaa. Kwa ugonjwa wa kawaida kipindi hicho aghalabu ni siku 30. Kwa uzazi hukaribia mwaka, na kwa upasuaji wa kupangwa huwa kati ya miezi 6 na 12, kutegemea kampuni na aina ya bima. Ajali haisubiri, ukigongwa na bodaboda siku ya pili, bima inalipa.

Hapa ndipo watu hukasirika. Nimewasikia wengi, Mbeya na Iringa, wakisema kwamba ni wizi wa mchana: mtu anachukua fedha yako leo, kisha anakwambia uugue mwakani. Mimi sidhani kuwa ni wizi, na njia rahisi ya kueleza sababu ni kuuchukua ugonjwa mmoja tu, yaani ngiri.

Ngiri, ambayo wengine huiita henia na wazee wetu huiita mshipa, hutokea pale ukuta wa tumbo unapolegea mahali fulani, hasa kinenani, na kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni kikapenya na kutokeza kama uvimbe. Mtu akikohoa au akinyanyua gunia uvimbe hujitokeza; akilala chali hurudi ndani. (Tusichanganye na ngiri maji, yaani busha, ambayo ni maji yaliyojaa kwenye korodani. Hiyo ina upasuaji wake, na hata kwenye fomu ya bima huandikwa kwa jina jingine.) Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa dawa, wala kwa mkanda wa kiunoni. Huponywa kwa kushona ule upenyo, na mara nyingi kuuimarisha kwa kipande cha wavu maalumu.

Lakini jambo lenye uzito kwa habari yetu ya leo ni kwamba ngiri ya kinena kwa mwanamume, ile isiyo na maumivu makubwa, kwa kawaida si ya kufa na kupona. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuata wanaume wa namna hiyo walioamua kungoja, na waliopatwa na dharura hawakufika 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kweli, hao walikuwa watu waliochaguliwa na wenye hospitali karibu, na wengi wao baadaye walifanyiwa upasuaji kwa sababu maumivu yaliongezeka. Hata hivyo, jambo lililo wazi ni kwamba mwenye ngiri anaweza kuchagua siku ya kufanyiwa upasuaji. Na kwa kuwa anaweza kuchagua siku ya upasuaji, anaweza pia kuchagua siku ya kukata bima.

Tupige hesabu ya kubuni. Chukua wafanyabiashara 100 wa soko la Mwanjelwa, kila mmoja anachangia shilingi 200,000 kwa mwaka. Mfuko una milioni 20. Tuseme upasuaji wa ngiri unagharimu 800,000. Kama katika mwaka wawili tu wanahitaji upasuaji huo, ni milioni 1.6, na mfuko unabaki na fedha ya malaria, ya ajali, ya mama aliyejifungua kwa operesheni. Sasa tuseme hakuna kipindi cha kusubiri, na habari zikaenea sokoni kwamba ukilipa 200,000 Jumatatu, Alhamisi unafanyiwa upasuaji wa 800,000. Watakuja wenye ngiri, na wasio nayo watasema, "Mimi nitakata nitakapougua." Wakija 20 wa namna hiyo wanaleta milioni 4 na kuondoka na milioni 16. Mwaka unaofuata hawaonekani tena, kwa kuwa ngiri imekwisha kushonwa. Waliobaki ama wataongezewa ada, ama watakuta mfuko umekauka.

Jambo la namna hiyo tumeliona hapa nchini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi mwaka 2016, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko ukabadili utaratibu, ukataka watoto waandikishwe kupitia shule zao au pamoja na familia, na sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hivyo matumizi yakaipita michango kwa mbali. Wazazi walilalamika, nami naona walikuwa na haki ya kulalamika, kwani anayeumia ni mtoto. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Ndiyo maana mwalimu wa serikali wa pale Iringa mjini hausikii sana wimbo huu wa kusubiri. Yeye hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3, awe mzima au mgonjwa, apende asipende. Hakuchagua siku ya kuingia kwa sababu ya uvimbe wa kinenani, kwa hiyo ile hofu ya bima kwake haipo. Mfanyabiashara wa mchele wa Mbeya, anayekata bima yake mwenyewe, ndiye anayekutana na mlango uliofungwa kwa miezi. Wazo la Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, linatoka hapo hapo: wakiingia wote, wazima na wagonjwa, sababu ya kusubirishana hupungua.

Basi tumfuate huyo mfanyabiashara wa mchele, mtu wa kufikirika, lakini wa aina yake ni wengi. Bima yake inaanza tarehe 1 Machi, na hati inasema upasuaji wa kupangwa ni baada ya miezi 6. Mwezi Mei anaona uvimbe kinenani. Kwa kuwa siku 30 za ugonjwa wa kawaida zimekwisha kupita, anaweza kumwona daktari kwa kadi na kupimwa. Daktari anasema ni ngiri, ashonwe atakapoweza. Hapo hana haja ya kuuza gunia hata moja. Anapunguza kubeba mizigo, anatibu kikohozi, na mwezi Agosti anarudi kwa daktari wa upasuaji ili barua ya maombi ya kibali iende bima mapema. Kinachoangaliwa kwa kawaida ni tarehe ya kulazwa. Tarehe ya barua si neno. Akilazwa Agosti 30 dai litakataliwa. Akilazwa Septemba 2 litalipwa. Siku hizo tatu zimewagharimu watu fedha nyingi, na mara nyingi ni kwa sababu nafasi ya chumba cha upasuaji ilipatikana mapema na mgonjwa akafurahi bila kuuliza.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Tuseme uvimbe ulikuwapo miaka 3 kabla ya kukata bima. Hapa tumeingia kwenye mlango wa pili, na ndio unaowachanganya watu kuliko wote. Kipindi cha kusubiri ni cha kila mtu na huisha kwa kalenda. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba una sharti lake peke yake: bima nyingine huulipia baada ya mwaka, nyingine hutaka nyongeza ya ada, nyingine hazilipi kabisa. Mtu anahesabu miezi 6 yake vizuri, anafika hospitali, anakataliwa, na anadhani ametapeliwa, kumbe amezuiwa na mlango mwingine.

Wapo wanaoshauriana kunyamaza wakati wa kujaza fomu. Nawaambieni, hufahamika. Ukifika kwa daktari swali lake la kwanza ni "uvimbe huu una muda gani?", na mgonjwa, kwa kuwa anataka kupona, hujibu kweli. Daktari huandika "miaka 3" katika faili, na ofisa wa madai huliomba faili hilo. Hapo dai hukataliwa, na mkataba wote unaweza kufutwa kwa kosa la kuficha. Aliyeandika ukweli angalau anajua mapema kama atasubiri mwaka au atafute fedha yake.

Kuna wakati habari ya kusubiri haina nafasi kabisa. Uvimbe uliokuwa ukirudi ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, mtu akaanza kutapika, haendi haja wala hatoi hewa, huo ni utumbo ulionaswa na pengine umekatiwa damu. Unaweza kufa kwa saa chache. Usiusukume kwa nguvu, usingoje asubuhi, usitafute kadi. Anayetoka Kyela au Makete asihesabu shilingi, ahesabu saa za barabarani. Hospitali kubwa kama ile ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au Tosamaganga ndizo za kukimbilia, au iliyo karibu zaidi yenye chumba cha upasuaji. Mtoto mchanga mwenye ngiri ya kinena, na mwanamke mwenye uvimbe chini kidogo ya kinena, juu ya paja, nao wasiwekwe kwenye foleni ya miezi, maana ngiri zao hunasa upesi zaidi. Daktari aandike hivyo waziwazi katika barua ya kibali.

Je, bima italipa dharura hiyo ikitokea ndani ya kipindi cha kusubiri? Hapa hati hutofautiana. Nyingine husema dharura yoyote ya kuokoa maisha inalipwa. Nyingine husema matatizo yatokanayo na ugonjwa hufuata sharti la ugonjwa wenyewe, na ngiri iliyonasa si ajali. Sentensi hiyo iulizwe kabla ya kulipa ada, na jibu lipatikane kwa maandishi, si kwa mdomo wa wakala.

La mwisho ni kuhuisha bima. Mfanyabiashara wetu bima yake inaisha mwishoni mwa Februari, wakati mpunga wa Usangu bado uko shambani na fedha ni haba. Anasema atalipa baada ya mavuno. Akilipa mwezi Juni, kwa bima nyingi yeye ni mgeni tena, na ile miezi 6 inaanza upya, pamoja na swali la ugonjwa uliokuwapo kabla. Na safari hii ngiri imo katika faili. Baadhi hutoa siku chache za kuchelewa, aghalabu kwa maandishi madogo. Ni afadhali kuomba tangu mwanzo bima ianze Julai, baada ya mavuno, ili kila mwaka ada idaiwe wakati fedha ipo. Na dai likikataliwa kwa hoja ya tarehe, omba barua yenye kutaja kifungu kilichotumika. Barua hiyo, hati ya bima na risiti yenye tarehe ya malipo ndivyo vitu vya kupeleka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda pale Mbeya.