Kupima mtiririko wa maji kwa redusa mbili za plastiki

Mita ya Venturi ni kipande cha bomba kilichobanwa katikati kisha kikapanuka tena. Maji yakifika kwenye sehemu nyembamba, yaani koo, huongeza kasi, na kanieneo yake hushuka. Mtiririko ukiwa mkubwa, tofauti ya kanieneo kati ya bomba pana na koo nayo huwa kubwa, hivyo kiasi cha maji kinaweza kukokotolewa kwa kuisoma tofauti hiyo. Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliieleza tabia hiyo mwaka 1797, na Mmarekani Clemens Herschel akaitumia kuunda mita mwaka 1887.

Kwa somo la mekanika ya vimiminika, mita ya kufundishia hupatikana kwa vifaa vya duka la mabomba: bomba la PVC la milimita 50, redusa, kipande kifupi cha bomba la milimita 25, redusa ya pili, kisha bomba la 50 tena. Gundi hupakwa kwenye ncha ya bomba tu. Ikipakwa ndani ya redusa, bomba huisukuma mbele na ikaganda kama pete mahali maji yanapopita.

Matundu mawili ya milimita 3 hutobolewa, moja kwenye bomba pana kabla ya redusa, jingine kwenye koo, sentimita 3 au 4 baada ya redusa. Tundu la koo lisikaribie redusa zaidi ya hapo, kwa sababu redusa ya dukani hubana ghafla. Maji huachana kidogo na ukuta na kanieneo ya hapo huwa ya chini kuliko ya koo lenyewe. Mabaki ya plastiki kwenye mdomo wa tundu, upande wa ndani, husuguliwa kwa msasa mpaka yaishe.

Manomita ni mpira wa uwazi uliokunjwa kama U iliyopinduliwa, ukiwa na hewa juu na maji katika miguu yote miwili. Tofauti ya vimo vya maji, h, ndiyo tofauti ya kanieneo ikielezwa kwa kimo cha maji. Kiasi cha maji, yaani Q, kinadharia ni:

Q = A2 × √(2gh / (1 − (A2/A1)²))

A1 ni eneo la ndani la bomba pana na A2 ni la koo. Kiasi halisi hupatikana kwa ndoo na saa ya kuhesabu sekunde. Kiasi halisi kikigawanywa kwa kile cha nadharia hutoa kizigeu cha mtiririko, Cd.

Tuseme kipenyo cha ndani ni milimita 44 kwenye bomba pana na 22 kwenye koo, na manomita inaonyesha sentimita 30. Nadharia hutoa lita 0.95 kwa sekunde. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 23.3, kiasi halisi ni lita 0.86 kwa sekunde, na Cd ni 0.90. Mita iliyochongwa vizuri hukaribia 0.98 au 0.99, pengo hilo ni gharama ya redusa inayobana ghafla.

Shida ni kwamba Cd hubeba pia makosa ya mpimaji. Namba 50 na 25 zilizoandikwa kwenye mabomba haya ni vipenyo vya nje. Anayeziingiza kwenye hesabu hupata Cd ya 0.70 kutoka vipimo vilevile, na hakuna kinachomshtua, kwa kuwa uwiano wa vipenyo haujabadilika. Kipenyo cha koo ndicho cha kupimwa kwa uangalifu kuliko vyote: kosa la nusu milimita kwenye 22 huvuruga Cd kwa takriban asilimia 5.

Povu la hewa lililonaswa ndani ya mpira huharibu kwa namna nyingine. Huongeza au kupunguza kiasi kilekile katika kila usomaji wa h, hivyo huumiza zaidi mtiririko mdogo. Hugunduliwa kwa kufunga koki ya upande wa kutokea maji bomba likiwa limejaa. Miguu miwili ya manomita isipolingana, hewa bado imo.

Makosa haya mawili hutenganishwa kwa kuchora grafu ya Q² dhidi ya h kwa mitiririko mitano au sita. Povu husogeza mstari ukakosa kupita kwenye sifuri, lakini mteremko wake hubaki sahihi. Kipenyo kibaya hakionekani kabisa: mstari hunyooka na kupita kwenye sifuri, ila Cd inayotokana na mteremko wake si ya kweli.

Cd ikizidi 1, kuna kosa mahali fulani. Tundu la koo hukaguliwa kwanza, kisha viungo vya mpira, kisha alama ya lita 20 kwenye ndoo.