Kikoa Kibadilike, Anwani Ibaki: Namna ya Kuhamisha Tovuti Bila Kuvunja Viungo

Tuchukue duka la vitabu la mtandaoni ambalo kwa miaka kadhaa limekuwa likitumia kikoa zamani.example, na sasa linahamia mpya.example. (Majina yote mawili ni ya mfano; kiishio cha .example kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya maelezo kama haya, na hakuna anayeweza kukisajili.) Fundi anaweka elekezo, mwenye duka anaandika kikoa cha zamani kwenye kivinjari, ukurasa wa mbele wa tovuti mpya unafunguka, naye anaridhika. Kesho yake malalamiko yanaanza. Mteja aliyebofya kiungo cha riwaya alichotumiwa na rafiki yake amejikuta kwenye ukurasa wa mbele. Mwingine aliyeletewa barua pepe ya kubadilisha nywila anaambiwa ombi lake halitambuliki. Elekezo lipo na linafanya kazi, lakini limewatupa watu wote mlangoni badala ya kuwafikisha walikokuwa wakienda.

Ili kuona kilichopotea, tuitazame anwani moja ya duka hilo:

```
https://zamani.example/vitabu/riwaya?lugha=sw&ukurasa=3
```

Kipande cha kwanza, zamani.example, ndicho kikoa. Kinachofuata, kuanzia mkwaju, yaani /vitabu/riwaya, ni njia: inaieleza seva ni ukurasa gani unaotakiwa. Baada ya alama ya kuuliza vinakuja vigezo. Hapa viko viwili, vimeunganishwa kwa alama ya &: lugha ni Kiswahili, na ukurasa ni wa tatu katika orodha. Ufunguo wa muda unaowekwa kwenye kiungo cha kubadilisha nywila nao mara nyingi ni kigezo cha aina hiyo hiyo. Tunapohamisha kikoa, kipande cha kwanza pekee ndicho kinachopaswa kubadilika. Vingine vyote vifike upande wa pili herufi kwa herufi.

Wengi hudhani kazi hii hufanyika kwenye mipangilio ya DNS, kule kwa msajili wa kikoa. Haiwezekani. DNS hujibu maswali kuhusu jina tu, kama vile: jina hili liko kwenye namba gani ya IP? Haioni njia wala vigezo. Ukiweka rekodi ya CNAME kutoka kikoa cha zamani kwenda kipya, wageni watafika kwenye seva mpya, lakini kivinjari chao bado kitaonyesha jina la zamani, na kama seva hiyo haina cheti cha usalama cha jina hilo watapokelewa na onyo la hatari. Msajili anayetangaza huduma ya kuelekeza kikoa huwa ana seva yake pembeni inayofanya kazi hiyo, na si kila huduma ya namna hiyo hubeba njia na vigezo. Ijaribu kabla ya kuitegemea.

Elekezo halisi ni mazungumzo mafupi kati ya kivinjari na seva ya wavuti. Kivinjari kinaomba ukurasa. Seva inajibu kwa namba 301, maana yake umehamishwa moja kwa moja, na kuongeza mstari unaoitwa Location wenye anwani mpya. Kivinjari kinaomba upya kwa anwani hiyo. Kwa hiyo hatima ya njia na vigezo inategemea kitu kimoja: seva imeandika nini kwenye Location. Katika nginx, mstari ulio sahihi ni huu:

```
return 301 https://mpya.example$request_uri;
```

Neno la kuangalia ni $request_uri. Hilo ni ombi kama lilivyotoka kwenye kivinjari, kuanzia mkwaju wa kwanza hadi kigezo cha mwisho, bila kuguswa. Kwa kuwa linaanza na mkwaju wake, hatuongezi mwingine baada ya mpya.example; ukiongeza, anwani itakuwa na mikwaju miwili.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuandika $uri mahali pa $request_uri. Majina yanafanana, kazi ni mbalimbali. $uri ni njia ambayo nginx imekwisha kuichakata kwa matumizi yake ya ndani: vigezo vimeondolewa, na herufi zilizofichwa kwa alama ya asilimia zimefunuliwa. Mteja akiomba /vitabu/hadithi%20fupi?lugha=sw, ile %20 inasimama mahali pa nafasi kati ya maneno mawili. Ukitumia $uri, kigezo cha lugha kinatoweka, na Location inatoka na nafasi tupu katikati ya anwani, jambo lisiloruhusiwa. Pia kuna hatari ya kiusalama. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha alama za kuanza mstari mpya, %0d%0a, ndani ya njia. Zikifunuliwa na kuingizwa kwenye jibu la seva, atakuwa amepata mwanya wa kuandika mistari yake mwenyewe ndani ya jibu lako. $request_uri haifunui kitu, hivyo mlango huo haufunguki.

Wenye tovuti kwenye seva za kukodi hutumia zaidi Apache, na mstari wao hukaa katika faili la .htaccess:

```
Redirect 301 / https://mpya.example/
```

Redirect hubeba njia na vigezo yenyewe. Mtego wake ni mkwaju wa mwisho. Apache huondoa kile kipande cha kwanza, yaani mkwaju, na kubandika kilichobaki mwishoni mwa anwani mpya. Ukisahau mkwaju baada ya mpya.example, mteja wa riwaya atapelekwa mpya.examplevitabu/riwaya, kikoa kisichokuwepo. Ukurasa wa mbele hautaonyesha kasoro hiyo, kwa sababu baada ya mkwaju hakuna cha kubandika. Ndiyo maana kuujaribu ukurasa wa mbele peke yake hakuthibitishi chochote.

Sasa tuje kwenye kasoro inayojitokeza kwa kuchelewa. Anwani ikianza na https, kivinjari hukagua cheti cha zamani.example kabla hata ya kupeleka ombi. Cheti kikiwa kimeisha, jibu la 301 halitasomwa kamwe. Mgeni ataona onyo tu. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90 au pungufu, na kuviongeza muda mara nyingi hutegemea faili dogo linalosomwa chini ya /.well-known/acme-challenge/ kwenye kikoa chenyewe. Elekezo letu linahamisha kila kitu, faili hilo pia. Let's Encrypt itafuata elekezo hadi kwenye seva mpya, na isipolikuta faili huko, cheti hakitaongezwa muda. Tovuti itafanya kazi vizuri kwa wiki nyingi, kisha viungo vyote vya zamani vikatike kwa siku moja. Dawa ni kuitenga njia hiyo:

```
location /.well-known/acme-challenge/ {
    root /var/www/acme;
}
location / {
    return 301 https://mpya.example$request_uri;
}
```

Lazima return iwe ndani ya location. Ikiachwa juu, kwenye ngazi ya server, nginx huitekeleza kabla ya kuchagua location yoyote, na ile njia uliyoitenga haitafikiwa.

Jambo jingine ni maombi yanayobeba data. Fomu inapojazwa, au mfumo wa malipo ya simu unapoleta taarifa kwamba mteja amelipa, ombi huwa la aina ya POST. Vivinjari vikipokea 301 kwa ombi la POST huligeuza kuwa GET, na data iliyojazwa hubaki njiani. Namba 308 nayo ni hamisho la moja kwa moja, ila hairuhusu mabadiliko hayo: ombi linabaki POST na mzigo wake. Hata hivyo, usiitegemee kwa malipo. Mifumo inayozungumza seva kwa seva si yote inayofuata maelekezo, na ile isiyofuata huhesabu kwamba imeshindwa kufikisha ujumbe. Ingia kwenye akaunti ya mtoa huduma ya malipo na ubadilishe anwani ya kupokelea taarifa siku ile ile unayohama.

Kabla ya kutumia 301, anza na 302, ambayo ni hamisho la muda. Vivinjari hutunza 301 katika kumbukumbu zao, na ukikosea, mteja anaweza kuendelea kupelekwa kusiko hata baada ya wewe kusahihisha seva. Jaribu kwa curl, kwa sababu yenyewe haikumbuki majibu ya jana:

```
curl -sI 'https://zamani.example/vitabu/riwaya?lugha=sw&ukurasa=3'
```

Zile alama za kunukuu ni za lazima. Bila hizo, alama ya & itatafsiriwa na kompyuta kuwa mwisho wa amri, nawe utadhani seva ndiyo imekula kigezo cha pili. Katika jibu, tafuta mistari hii:

```
HTTP/2 302
location: https://mpya.example/vitabu/riwaya?lugha=sw&ukurasa=3
```

Linganisha herufi kwa herufi. Jaribu pia anwani yenye %20, yenye http badala ya https, na yenye www mbele. Kisha fungua anwani mpya yenyewe na uhakikishe ukurasa upo, kwa maana elekezo linabeba njia na vigezo tu; kama tovuti mpya imebadilisha /vitabu kuwa /duka, mteja atafika na kuambiwa ukurasa haupatikani. Mabadiliko ya majina ya kurasa yashughulikiwe kwenye tovuti mpya, kwa orodha yake, ili elekezo la kikoa libaki mstari mmoja usio na mkanganyiko. Yote yakilingana, badilisha 302 iwe 301, na uijulishe Google kupitia kifaa cha kubadilisha anwani ndani ya Search Console.

Google inashauri elekezo libaki walau mwaka 1. Kwa mwenye tovuti, muda huo ni mfupi mno. Kiungo kilichochapishwa kwenye kitabu, kwenye bango au kwenye msimbo wa QR hakina mwaka wa kufa. Ukiacha kulipia kikoa cha zamani, mtu mwingine anaweza kukisajili na kupokea wateja wako, pamoja na barua pepe zinazotumwa kwa anwani zako za zamani. Ada ya kikoa kwa mwaka ni ndogo kuliko hasara hiyo. Endelea kukilipia, endelea kuhuisha cheti chake, na kila baada ya miezi michache rudia jaribio la curl kwa anwani ndefu yenye njia na vigezo.